Seli H14: pa kuachia maelezo na pa kuulizia swali

Desemba iliyopita kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikaa kugawana, na kikao kilichopaswa kwisha saa tano asubuhi kikasogea hadi alasiri kwa sababu ya kisanduku kimoja cha Excel. Tuko wanachama 24. Kila mmoja huleta shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka ukiisha kila mstari wa daftari letu unatakiwa usomeke 360,000. Mstari wa 14 ulisomeka 345,000. Mama mwenye mstari huo akasimama, akasema kwa utulivu kwamba hadaiwi hata senti, na kwamba jambo lake lilishaandikwa humo humo kwenye kompyuta.

Alisema kweli, lilikuwa limeandikwa. Nilipopeleka kipanya juu ya seli H14, yaani mwezi wake wa Juni, kwenye kona ya juu kulia palikuwa na pembe ndogo nyekundu, na kijisanduku kikafunguka. Juu kabisa kilisema "Mweka hazina:". Chini yake, "Kaleta 15,000. Salio Julai." Chini tena, kwa herufi ndogo, "salio limelipwa?" Na mwisho, "ndiyo kwa mwenyekiti".

Mweka hazina ni mimi. Mstari unaofuata jina hilo niliuandika mimi. Swali la salio lilikuwa la katibu, naye alilikubali pale pale. Lakini lile jibu la mwisho halikuwa na mwenyewe. Katibu alisema si lake. Mwenyekiti alikumbuka kwamba zilipita pesa kwenye simu yake katikati ya mwaka, ila hakukumbuka kama zilikuwa za hisa au za rejesho la mkopo. Tarehe haikuwepo. Jina pekee lililokuwepo lilikuwa langu, nami sikuandika neno "ndiyo". Kwa mtu anayesoma, maneno yote yalikuwa yangu.

Tulipekua ujumbe wa simu kwa zaidi ya saa tatu. Zile 15,000 zilipatikana: zilitumwa Julai, zikaingizwa kwenye ukurasa wa mikopo. Ndiyo maana mkopo wa mama yule ulionekana umelipwa kupita kiasi kwa 15,000 ileile. Tukazirudisha mahali pake, hesabu ikakaa sawa. Lakini mama wa watu alikuwa ameshasimama mbele ya wenzake 23 kama mdaiwa, na hilo halifutiki kwa kusahihisha seli.

Tangu siku hiyo nimejifunza kitu ambacho nilidhani nakijua, kwa sababu nimetumia Excel miaka mingi: kwamba lahajedwali ina njia mbili tofauti za kuning'iniza maneno kwenye seli, na kwamba nilikuwa nikitumia moja kwa kazi ya nyingine.

Kwenye skrini njia hizo zinaitwa `New Note` na `New Comment`. Humu nitaita ya kwanza dokezo na ya pili mjadala, maana ndivyo zinavyofanya kazi. Mkanganyiko wake una historia. Kwa miaka mingi Excel ilikuwa na kitu kimoja tu cha aina hii, kile kijisanduku chenye pembe nyekundu, nacho kiliitwa `Comment`. Mwaka 2018 Microsoft ilianza kuleta kitu kipya chenye nafasi ya kujibizana, na jina la `Comment` likahamishiwa kwa huyo mgeni. Kile cha zamani kikapewa jina la `Note`. Matokeo yake, mtu aliyefundishwa kompyuta zamani na kijana aliyetoka chuoni juzi wakiambiana "weka komenti hapo", kila mmoja anaweka kitu chake, na hakuna anayejua kwamba hawajaelewana. Hata vitufe vilibaki na mazoea ya zamani: Shift na F2 bado hufungua dokezo, na ukitaka mjadala unaongeza Ctrl, yaani Ctrl, Shift na F2 kwa pamoja. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea Shift na F2. Kwa hiyo kila nilichokiandika kikawa dokezo, hata pale nilipokuwa nikimuuliza mtu swali.

Ukitaka kujua ulichonacho bila kukifungua, angalia alama kwenye kona ya seli. Katika Excel mpya, dokezo lina ile pembe nyekundu, na mjadala una alama ya zambarau. Kwenye Google Sheets dokezo lina pembe nyeusi, na mjadala una pembe ya rangi ya manjano. Katika programu zote mbili, kabla hujaandika neno lolote, rangi ya alama inakwambia umeingia mlango upi.

Dokezo ni karatasi iliyobandikwa kwenye seli, basi. Ndani yake ni maandishi matupu. Yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri ukurasa anaweza kulifungua, akaongeza, akapunguza, akafuta nusu, na lenyewe halitaonyesha kwamba limeguswa. Lile jina la juu ambalo Excel huliweka si saini. Ni neno la kawaida linalochukuliwa kwenye mipangilio ya kompyuta na kuandikwa mara moja tu, dokezo linapozaliwa. Atakayeingia kesho na kuongeza sentensi hatawekewa jina lake. Sentensi yake itakaa chini ya jina la wa kwanza. Ndicho kilichotokea H14. Na kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina jina la "HP" au "User" kwenye mipangilio hiyo, kwa hiyo unaweza kukuta madokezo kumi yaliyoandikwa na "HP:", na katika kikundi hakuna mtu wa jina hilo. Dokezo la Google Sheets haliweki jina kabisa, na kwa maoni yangu hilo ni afadhali, kwa sababu halimpi mtu jina la uongo.

Dokezo pia halimwambii mtu yeyote kwamba lipo. Katibu alipoandika "salio limelipwa?" mwezi Julai, hakuna kengele iliyolia kwangu. Pembe ilikuwa nyekundu kabla ya swali lake, ikabaki nyekundu baada yake. Kwenye ukurasa wetu zilikuwepo pembe nyekundu 12, na ile yenye swali ndani ilifanana na zile 11 nyingine kama mbegu za ubuyu.

Mjadala ni kitu kingine. Ukiufungua, kila usemi unakaa kwenye chumba chake: jina la msemaji, tarehe na saa, kisha maneno. Anayejibu hawezi kujichanganya na aliyeuliza, kwa kuwa jibu lake linaingia chini ya jina lake mwenyewe, na jina hilo linatoka kwenye akaunti aliyoingilia. Ukiandika alama ya @ na kufuatisha jina la mtu, faili likiwa limehifadhiwa mtandaoni, yule mtu anapata baruapepe yenye kiungo kinachomleta kwenye mazungumzo hayo. Na kuna kitu ambacho dokezo halina kabisa, nacho ni mwisho. Swali likishajibiwa unabofya `Resolve thread`, na mjadala unahesabiwa umefungwa. Excel huufifisha na kuzuia majibu mapya mpaka mtu aufungue tena. Google Sheets huenda mbali zaidi: alama inatoweka kwenye seli, na mazungumzo yanahamia kwenye kumbukumbu ya mijadala, ambako mtu asiyeitafuta hataiona.

Hapo kwenye kufungwa ndipo penye tofauti yote. Mjadala umeumbwa ili uishe, na dokezo limeumbwa ili likae. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuandika kitu kwenye seli najiuliza jambo moja tu: haya maneno yanamngoja mtu? Kama yanamngoja mtu ajibu, alete risiti, ahakiki tarakimu au akubali mabadiliko, basi ni mjadala. Kama hayamngoji mtu, yanaeleza tu kwa nini tarakimu iko hivyo ilivyo, na yatahitajika hata mwakani, basi ni dokezo.

Nilichokifanya mimi kilikuwa kosa la upande mmoja: swali ndani ya dokezo. Kosa la upande wa pili nalo tulilifanya, Januari, tulipohamishia daftari kwenye Google Sheets. Tulikuwa na furaha ya kitu kipya, na katibu akawa anaandika kila kitu kama mjadala. Kwenye seli ya kiwango cha riba aliandika kwamba asilimia iliyopo ni ya mikopo ya dharura tu, na kwamba mikopo ya biashara ina kiwango chake kwenye ukurasa wa pili. Maelezo mazuri na ya lazima. Wiki mbili baadaye mmoja wetu alipitia mijadala iliyo wazi, akaiona hiyo, akasema moyoni "sawa, nimeelewa", akabofya alama ya tiki. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Tiki ile iko pale ibofywe. Maelezo yakatoweka kwenye seli, na mwezi uliofuata mtu mwingine akakokotoa mkopo wa biashara kwa riba ya dharura. Tuliligundua kwa sababu mkopaji mwenyewe alishangaa rejesho lake. Maelezo yale yangekuwa dokezo, yangekaa pale pale chini ya pembe nyeusi, wala pasingekuwa na tiki ya kumshawishi mtu.

Sasa nirudi H14 nionyeshe jinsi ambavyo ingepaswa kuandikwa tangu mwanzo, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa na ugumu wake. Safu ya C ni Januari na N ni Desemba, kwa hiyo Juni ni H na Julai ni I. Jumla iko safu ya O:

```
=SUM(C14:N14)
```

Fomula hiyo haijui kwamba 15,000 ya Juni ni pungufu kwa makubaliano. Inajumlisha tu. Anayejua ni binadamu, na ujuzi wake ndio unaohitaji dokezo. Ningeandika hivi: "15,000 badala ya 30,000. Kikao cha Juni kilikubali salio la 15,000 liletwe Julai. Angalia muhtasari wa kikao." Hakuna swali ndani yake. Hakuna "nadhani". Linamtuma msomaji kwenye karatasi yenye sahihi za watu, kwa sababu dokezo lenyewe halina sahihi. Ningeandika tarehe kwa mkono wangu pia, pamoja na cheo changu, kwa kuwa programu haiwezi kuniwekea kitu ambacho kingeaminika.

Kisha lipo swali: salio limefika? Swali hilo linamngoja mtu, kwa hiyo ni mjadala. Lakini katika Excel seli moja haikubali vyote viwili. Ikiwa na dokezo, haiwezi kupokea mjadala mpaka dokezo liondoke au ligeuzwe. Google Sheets huruhusu vyote viwili kwenye seli moja, lakini hata huko sivichanganyi. Kwa muda niliona hilo kama upungufu wa Excel. Sasa naona linamlazimisha mtu kufikiri vizuri, kwa sababu swali la salio halikuwa mali ya Juni. Juni ilikuwa imeshapita na maelezo yake yalikuwa yamekamilika. Jibu la swali lingeonekana Julai, kwenye seli I14, ambayo ingepaswa kusomeka 45,000. Basi swali likae huko. Katibu angesimama kwenye I14, angebofya Ctrl, Shift na F2, na kuandika: "Kaka, salio la Juni la 15,000 limefika? Hapa naona 30,000 tu." Angeniwekea @ na jina langu.

Mazungumzo yangeenda hivi. Mimi ningejibu jioni ya siku hiyo: "Kwangu halijafika, dada. Namuuliza mwenyekiti." Ningemtaja mwenyekiti kwa @. Naye angejibu, kwa jina lake na saa yake: "Nimepokea 15,000 kwenye simu. Niliziandikisha kwenye mikopo." Ningesahihisha kurasa mbili, I14 iwe 45,000 na rejesho lipunguzwe 15,000, ningeandika "Nimehamisha, tazama mkopo wake mstari wa 14," na katibu, aliyeuliza, ndiye angefunga. Kwetu sasa hiyo ni kanuni: anayefunga mjadala ni aliyeuliza, si aliyejibu. Mwenye jibu huona jambo limekwisha mara anapomaliza kuandika, lakini mwenye swali ndiye anayejua kama limejibiwa.

Jambo zima lingekwisha Julai, kwa watu watatu, bila mama yule kujua hata kwamba aliulizwa.

Google Sheets ina faida moja ambayo kwa vikundi kama vyetu naiona kubwa. Unaweza kumpa mtu ruhusa ya kutoa maoni bila kumpa ruhusa ya kuhariri. Mtu huyo anafungua mijadala kwenye seli yoyote, anauliza, anajibu, lakini hawezi kugusa tarakimu wala kuandika dokezo, kwa kuwa dokezo linahesabiwa kuwa sehemu ya ukurasa. Wajumbe wetu wawili wa ukaguzi tumewapa ruhusa hiyo. Wanauliza wanavyotaka, na sisi tunaoandika daftari hatuna wasiwasi kwamba kidole kimeteleza juu ya 30,000 ikawa 3,000.

Lakini mjadala una masharti, na sharti la kwanza ni kwamba faili liwe moja, mahali pamoja: OneDrive, SharePoint au Google Drive. Kwetu kwa miaka mingi daftari lilitembea kwa WhatsApp. Mimi natuma, katibu anapakua, anaongeza, anatuma tena, mwenyekiti anafungua lile la juzi. Hapo kila nakala ina mijadala yake, na jibu lililoandikwa kwenye nakala ya katibu halitafika kwenye nakala yangu hata siku moja. Alama ya @ kwenye faili lililo ndani ya simu ya mtu haimpelekei mwenzake kitu. Kama kikundi chenu bado kinatumiana faili hivyo, mjadala hautawasaidia; ni heri swali liulizwe kwa simu na jibu liandikwe kama dokezo lenye tarehe, kuliko kuanzisha mazungumzo kwenye chumba ambacho mwenzako hayumo.

Sharti la pili linahusu Excel za zamani, na hili limewaponza watu wengi bila wao kujua. Faili lenye mijadala likifunguliwa kwenye Excel 2016 au 2019, kwa mfano kwenye kompyuta ya duka la stesheni ulikokwenda kuchapa, mjadala unageuka kuwa kitu kinachofanana kabisa na dokezo la kawaida, ila unaanza na onyo hili:

```
[Threaded comment]

Your version of Excel allows you to read this
threaded comment; however, any edits to it will
get removed if the file is opened in a newer
version of Excel.
```

Maana yake ni kwamba kusoma unaruhusiwa, lakini lolote utakaloliongeza hapo litaondolewa siku faili litakapofunguliwa kwenye Excel mpya. Si kwamba linaweza kupotea, litaondolewa. Mjumbe wetu mmoja alijibu swali kwa uangalifu mkubwa kwenye kompyuta ya ofisini kwake, mistari sita, akahifadhi, akatuma. Mimi nilipofungua niliona swali peke yake. Nikamuuliza tena, naye akaona namdharau. Ukikutana na maneno `[Threaded comment]` mwanzoni mwa kijisanduku, usiandike humo. Mpigie simu aliyeuliza.

Kwenye kuchapa pia dokezo na mjadala haviendi sawa, na kwa watu wanaokutana chini ya mwembe wakiwa na karatasi mkononi hili si jambo dogo. Kwenye `Page Setup`, ukurasa wa `Sheet`, kuna sehemu ya `Comments and notes`. Kwa kawaida imewekwa isichape kitu, ndiyo sababu watu husema maelezo yao yalipotea kwenye karatasi. Ukichagua `At end of sheet`, maneno yote yanachapwa mwishoni kwenye ukurasa wake, kila moja na anwani ya seli yake. Ukitaka maelezo yaonekane pale pale kando ya tarakimu, kuna chaguo la `As displayed on sheet (notes only)`, na maneno ya mwisho ya chaguo hilo yanajieleza: ni madokezo tu, mijadala haimo. Lazima uyafungue kwanza yaonekane kwa `Show All Notes`, na uyasogeze yasifunike tarakimu nyingine. Kazi hiyo hunichukua kama nusu saa kwa ukurasa wetu. Naifanya kila mwisho wa robo mwaka, kwa sababu mwanachama akiona 15,000 na maelezo yake bega kwa bega, hana haja ya kuuliza.

Mtu akishaelewa mambo haya hushawishika kugeuza kila kitu kiwe mjadala, na Excel inamrahisishia: `Review`, `Notes`, kisha `Convert to Comments`. Mbofyo mmoja, na madokezo yote ya ukurasa yanakuwa mijadala. Naomba usibofye kabla ya kuhifadhi nakala ya faili. Njia hiyo ni ya kwenda tu, hakuna amri ya kuyarudisha kuwa madokezo. Na katika kugeuzwa, mapambo ya maandishi na ukubwa wa vijisanduku hupotea, pamoja na picha. Hiyo ya picha ndiyo inayouma. Baadhi ya waweka hazina hupiga picha ya risiti na kuiweka iwe mandhari ya dokezo, ili ukipeleka kipanya juu ya malipo uione risiti yenyewe. Ni matumizi mazuri ya dokezo, na mjadala hauwezi kuyapokea. Ukigeuza, maneno yatabaki na risiti zitakuwa zimeondoka.

Limebaki jambo la mwaka mpya, na ndilo nililolishughulikia mara ya mwisho. Watu wengi hutengeneza daftari la mwaka kwa kuhifadhi la mwaka uliopita kwa jina jingine, kisha wanachagua tarakimu zote na kubonyeza Delete. Tarakimu zinaondoka. Madokezo hayaondoki, mijadala nayo haiondoki, kwa kuwa Delete hufuta kilichomo kwenye seli na si kilichoning'inia juu yake. Ndipo unapokuta Juni ambayo haijafika ina maelezo kwamba mama fulani kaleta nusu. Vivyo hivyo ukinakili seli na kuibandika kwingine kwa njia ya kawaida: maneno yanafuata. Kuyaondoa kunahitaji amri yake, `Clear Comments and Notes`, iliyomo kwenye `Clear` ya ukurasa wa `Home`. Na kabla ya kuitoa amri hiyo ni lazima upite pembe moja moja, kwa sababu yamo madokezo ambayo ni ya daima, kama lile la riba.

Nilipita zote 12 mwezi wa Januari, jioni mbili. Tisa zilikuwa za mwaka uliokwisha, nikazifuta kwenye faili jipya na kuziacha kwenye la zamani. Mbili zilikuwa za daima, nikaziandika upya kwa sentensi kamili na tarehe. Ya H14 sikuiacha kwenye mstari wa mama yule. Niliifuta mbele yake, kwenye kikao cha kwanza cha mwaka, skrini ikiwa imeelekezwa kwa wanachama wote, nikamwonyesha seli ikiwa tupu, haina pembe ya rangi yoyote.